Karatasi za mnunuzi wa Mumbai: kinachosomeka kwenye namba na kwenye tamko la forodha

*Shikamoo mzee. Tuna kampuni ndogo hapa Ilala, tunanunua ufuta kwenye minada ya Lindi. Kampuni moja ya Mumbai inataka kontena tano, malipo siku 60 baada ya BL, yaani hati ya shehena ya meli. Wametuma cheti cha IEC na tamko moja la forodha la huko kwao, wanasema wanaagiza ufuta Afrika tangu 2009. Dalali wetu anasema namba ikiwa hai basi tupakie. Hizi karatasi zinaniambia nini hasa?*

Marahaba, mwanangu. Zinakwambia mengi kuliko walivyokusudia kukwambia. Nimezipitia zote mbili jana usiku, na kabla sijafika popote niseme hili: hao si matapeli, kwa ninavyoona. Ila si wale wanaojitaja kuwa. Kwa muuzaji anayetaka kukopesha tani 95 za ufuta, hilo la pili linatosha kubadili masharti yote.

Tuanze na namba. Sisi hapa tumezoea TIN, tarakimu tisa ambazo ukizitazama hazisemi kitu. Hujui mwenye nayo ni mtu au kampuni, ameanza lini, yuko wapi. India si hivyo. IEC ni namba ya mwagizaji na msafirishaji, inatolewa na idara yao ya biashara ya nje, DGFT, na bila hiyo mzigo wa biashara haupiti forodha. Zamani ilikuwa tarakimu kumi tupu. Mwaka 2017, walipoingiza kodi yao mpya ya GST, wakaamua kwamba kila IEC mpya iwe ile ile namba ya kodi ya mapato ya mwombaji, wanayoiita PAN. PAN ina herufi tano, tarakimu nne, kisha herufi moja. Wale waliokuwa na namba za tarakimu tupu waliendelea nazo, na hadi leo ukishika karatasi za wanunuzi wakongwe wa korosho au mbaazi utakuta tarakimu kumi bila herufi hata moja.

Sasa tazama cheti chako. Nimeficha sehemu kwa X na sifuri, kwa sababu namba ni ya mtu:

```
IEC   : XXXFM0000X
GSTIN : 27XXXFM0000X1Z0
```

Ina herufi. Maana yake imetolewa 2017 au baadaye. Mtu aliyeanza kuagiza mwaka 2009 kwa jina hilo hilo na umbo hilo hilo angekuwa na tarakimu tupu. Hiyo peke yake haimfanyi mwongo, nitaieleza mbele, ila swali limeshazaliwa na wewe hujafungua hata tovuti moja.

Herufi ya nne ndiyo niipendayo kuliko zote. Kwenye PAN, herufi ya nne inasema mwenye namba ni nani mbele ya sheria. P ni mtu binafsi. C ni kampuni. H ni familia ya Kihindu inayomiliki mali kwa pamoja, jambo ambalo kule ni umbo halali la kulipa kodi. T ni amana. F ni ubia, yaani watu wawili watatu wameungana, pamoja na ule ubia wenye dhima yenye kikomo unaoandikwa LLP. Yao ni F. Halafu angalia kichwa cha barua waliyokutumia: jina lao limemalizikia na `Pvt Ltd`. Hiyo ni kampuni, na kampuni lazima iwe na C. Ubia ukigeuzwa kuwa kampuni anazaliwa mlipakodi mpya mwenye PAN mpya, kwa hiyo hakuna njia ya kubaki na F huku ukijiita kampuni.

Herufi ya tano ni ya kwanza ya jina la biashara, au la ukoo kama ni mtu. Yao ni M na jina lao linaanza na M, hapo sawa. Isingelingana nisingeshtuka sana, maana biashara hubadili jina na namba ikabaki. Herufi ya nne haina utetezi wa namna hiyo.

Huenda ni uzembe tu. Nimeona watu wa Mumbai wanaoweka `Pvt Ltd` kwenye karatasi kama sisi tunavyoweka "Enterprises" kwenye kibao cha duka la Kariakoo. Lakini kama ni kampuni kweli, itakuwa na namba nyingine, CIN, yenye tarakimu na herufi 21, na ndani yake mwaka wa kusajiliwa umeandikwa wazi katikati, baada ya herufi mbili za jimbo. Waombe. Mwenye kampuni anaitoa dakika hiyo hiyo. Asiye nayo atakuandikia barua ndefu.

Baada ya kusoma namba kwa macho, ndipo unakwenda kuihakiki. Tovuti ni `dgft.gov.in`, sehemu ya huduma, kiungo kinaitwa `View Any IEC`. Inataka namba na mwanzo wa jina la biashara, hailipiwi. Inakuonyesha tarehe ya kutolewa, anwani, aina ya biashara, kama namba iko hai, na kama mwenye nayo amewekwa kwenye orodha ya walionyimwa huduma, ile inayoitwa DEL. Ya kwako iko hai, haimo kwenye DEL, aina ya biashara ni ubia, na imetolewa 2021. Kwa hiyo serikali yao wenyewe inathibitisha ile F, na mwaka tunao.

Hapo kwenye "hai" ndipo dalali wako anapoishia, na ndipo wengi wanapoishia. Uhai wa IEC ni jambo jepesi mno. Tangu 2021 kila mwenye nayo anatakiwa kuingia mtandaoni mara moja kwa mwaka, kati ya Aprili na Juni, kuthibitisha taarifa zake, hata kama hakuna kilichobadilika. Asipofanya inazimwa, akirudi akafanya inawashwa. Kwa hiyo nimewahi kukuta mnunuzi mkubwa, mlipaji mzuri, namba yake imezimwa mwezi wa Julai kwa sababu mhasibu alisahau. Na nimekuta namba hai kabisa ya mtu ambaye hajawahi kuingiza hata gunia. Kuipata ni fomu na rupia 500. Hai maana yake anaruhusiwa kuagiza. Kama anaagiza ni habari nyingine.

Kwa uhai wa biashara yenyewe mimi huwa naangalia GST. Namba yao ya GST ina herufi na tarakimu 15, na kama ulivyoona hapo juu, PAN imo ndani yake mzimamzima. Mbili za mwanzo ni jimbo: 27 ni Maharashtra, ambako ndiko Mumbai iliko, ingekuwa 24 ni Gujarat. Kwenye tovuti ya GST kuna `Search by PAN`. Ukiingiza ile PAN unapata usajili wote walio nao katika majimbo yote. Ukifungua mmoja, chini kuna `Show Filing Table`, na pale unaona miezi ambayo ritani zimepelekwa na tarehe zake. Kiasi cha mauzo hakionekani, na si lazima kionekane. Ritani zinazokwenda kila mwezi bila kuruka zinakwambia kuna mtu ofisini. Ritani zilizokatika miezi minane iliyopita zinakwambia uache kuandikiana baruapepe.

Wa kwako wana usajili mmoja tu, Maharashtra, na ritani zao ziko sawa. Ndiyo maana nilisema mwanzo si matapeli. Anwani ya GST na ya IEC ni moja, nayo ni ile ile iliyo kwenye barua yao. Usidharau huo ulinganifu. Miaka kadhaa nyuma mteja wangu mmoja aliuza mbaazi kwa cheti ambacho kilikuwa halisi kabisa, hai, cha kampuni nzuri. Tatizo ni kwamba waliomwandikia hawakuwa kampuni hiyo. Walikuwa wamepata nakala ya cheti, wakafungua baruapepe yenye herufi moja ya ziada, na nambari ya simu yao wenyewe. Mzigo ulipofika bandari ya Nhava Sheva, wale wenye cheti wakasema hawajaagiza kitu. Na hapo ndipo tulipojifunza kitu kuhusu bandari za India ambacho nakiweka hapa kwa sababu kinahusu namba moja kwa moja.

Mzigo unaokwenda India, kampuni ya meli itakudai IEC, GSTIN na baruapepe ya mpokeaji uviweke kwenye maelekezo ya upakizi, maana vinaingia kwenye orodha ya shehena inayopelekwa forodha ya huko kabla meli haijafunga gati. Jina likishaingia kama mwagizaji, kulitoa ni kazi. Ukitaka kumpa mzigo mtu mwingine, au kuurudisha Dar, kwa kawaida forodha inataka barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa yule mwagizaji wa kwanza. Yaani mteja wangu alipaswa kuwabembeleza watu ambao hawakuagiza wakubali kuandika kwamba hawana pingamizi na mzigo ambao si wao. Wale waungwana waliogopa kutia saini chochote, na sikuwalaumu. Gharama za kontena kukaa bandarini zilikula karibu faida ya msimu. Tangu siku hiyo simu ya kuthibitisha naipiga kwa nambari niliyoitafuta mwenyewe, siyo iliyoandikwa chini ya baruapepe.

Turudi kwako. Tumeshajua: ubia, siyo kampuni, umri wa kuagiza kwa namba hii ni tangu 2021, yuko hai na analipa kodi. Bado hatujui kama amewahi kuingiza ufuta. Hilo liko kwenye karatasi ya pili, ile yenye kichwa `BILL OF ENTRY`, ambayo kwa India ni kama TANSAD yetu. Na hii ndiyo iliyonikalisha.

Juu kabisa kuna msimbo wa bandari, `INNSA1`, ndiyo Nhava Sheva. Namba ya tamko, tarehe, namba ya wakala wa forodha. Chini kidogo ni IEC ya mwagizaji. Isome vizuri, maana nadhani hukuisoma. Siyo ile ya kwenye cheti. Ni tarakimu kumi tupu, na zinaanza na 0309. Jina la mwagizaji nalo ni lingine kabisa, kampuni ya kukamua mafuta.

Kwenye namba za zamani, mbili za mwanzo ni ofisi iliyozitoa, na 03 ni ya Mumbai. Mbili zinazofuata, kwa zile zote nilizopitisha mikononi, zilikuwa mwaka. Sasa unajua ile 2009 imetoka wapi. Ni ya huyo mwenye kinu.

Na wa kwako wamo humo? Wamo. Kwenye safu ya alama za tamko kuna kisanduku kimeandikwa `HSS`, na kwenye karatasi yako kimewekwa `Y`. Ni kifupi cha mauzo ya baharini. Sheria za India zinaruhusu mtu aliyenunua mzigo nje auuze wakati bado uko majini, kabla haujafanyiwa tamko. Anayenunua humo baharini ndiye anayeandikwa mwagizaji, analipa ushuru, anatoa mzigo. Yule wa kwanza anabaki kuonekana kama muuzaji wa baharini, na jina la rafiki zako liko hapo. Bidhaa imeandikwa 12074090, ambao ndio ufuta. Kontena moja la futi 20, magunia 380 ya kilo 50, tani 19. Aliyeuza kutoka Dar ni msafirishaji ambaye nadhani hata wewe unamfahamu.

Kwa hiyo tukiisoma karatasi kama ilivyo, biashara yao ni hii: wananunua kwako kwa mkopo, meli inaondoka, mzigo ukiwa njiani wanamuuzia mwenye kinu, mwenye kinu akilipa nao wanakulipa. Ni kazi halali, watu wengi wa Masjid Bunder huko Mumbai wanaishi nayo. Hata sisi hapa wangapi wananunua mnadani kwa pesa ya mtu aliyeko Mumbai? Lakini zile siku 60 sasa zina sura nyingine. Hukopeshi mtu mwenye ghala na mtambo. Unamkopesha mtu ambaye mali yake pekee ni ahadi ya mtu wa tatu ambaye wewe huna mkataba naye. Bei ya ufuta ikishuka meli ikiwa katikati ya bahari, mwenye kinu anaweza kukataa, na rafiki zako hawana pa kuuweka mzigo wala pesa ya ushuru. Utaanza kupokea malalamiko ya unyevu na mchanga ambayo usingeyasikia kama bei ingepanda.

Kuna pia suala la ukubwa. Wamekuonyesha tamko moja la kontena moja, na mtu huonyesha kubwa aliyonayo. Kutoka moja kwenda tano kwa mkopo ni hatua ambayo mimi ningetaka kuona ngazi zake.

Utaniuliza: kwa nini tusitafute rekodi zao zote za forodha tukazisoma wenyewe? Kwa sababu si kila nchi huachia hizo. Marekani orodha za shehena za meli ziko wazi kisheria, na kuna makampuni yanayoishi kwa kuziuza. Unaweza kujua mnunuzi wa New Jersey alipokea nini mwezi uliopita, isipokuwa akiwa ameomba jina lake lifichwe. Uingereza wanatangaza majina ya waagizaji na aina za bidhaa bila thamani. India ni kinyume. Mwaka 2022 waliingiza kifungu kwenye sheria yao ya forodha, 135AA, kinachofanya kuchapisha thamani, aina au kiasi cha mzigo wa mtu kuwa kosa, kifungo hadi miezi sita au faini, au vyote viwili. Hata hivyo utakutana na watu mtandaoni wanaokuuzia faili la "waagizaji wote wa ufuta India". Nimeshaletewa mafaili hayo. Majina yameandikwa kwa namna tano tofauti, na pale BL ilipotolewa kwa amri ya benki, mpokeaji anasomeka ni benki, kana kwamba benki inakamua mafuta. Mauzo ya baharini hayaonekani kabisa. Kwa faili kama hilo rafiki zako wangeweza kuonekana waagizaji wakubwa au wasionekane popote, na yote mawili yangekuwa makosa.

Na hapa kwetu usimwombe wakala yeyote akuchapishie matamko ya msafirishaji mwingine. Taarifa za mlipakodi ni siri kwa sheria, wakala ana haki ya kuona za mteja wake tu, na anayekubali kukuchungulia za mwenzako atachunguliwa na za kwako.

Njia halali ni ile ile waliyoianza wao: mwenye rekodi akupe mwenyewe, kisha wewe uihakiki. Waombe matamko matatu zaidi ya miaka miwili iliyopita, ya ufuta, kila moja na BL yake. Ukiyapata, chukua namba ya tamko, tarehe na bandari, ingia `icegate.gov.in`, sehemu ya maulizo ya umma, uangalie hali ya tamko hilo. Ulinganishe IEC, idadi ya vifurushi na uzito na vilivyo kwenye karatasi. Karatasi ya PDF inahaririwa na mtoto wa sekondari. Kilicho kwenye mfumo wa forodha hahariri.

BL nayo ihakiki kwenye tovuti ya kampuni ya meli, ila tumia namba ya BL, siyo ya kontena. Kontena lile lile limeshazunguka dunia mara kadhaa tangu wakati huo, na ukiliandika utaonyeshwa liko Santos na kahawa ndani. BL za zamani sana huwa zimeshaondolewa kwenye mfumo, kwa hiyo kutoonekana kwa BL ya miaka mitatu nyuma si ushahidi wa kughushi. Ya miezi minne iliyopita isipoonekana, hapo nuna.

Halafu fanya jambo ambalo ni rahisi kuliko yote na watu wanaliruka. Tamko lina jina la muuzaji wa Dar. Mwendee. Usimpigie, mwendee, na chai mkononi. Mwulize vitu viwili tu: alilipwa siku ya ngapi, na alilipwa na nani. Hilo la pili ndilo muhimu. Kama pesa ilitoka akaunti ya ule ubia, wana uwezo fulani wa kutangulia. Kama ilitoka moja kwa moja kwa mwenye kinu, basi walikuwa madalali watupu na mwenye kinu ndiye mnunuzi wako wa kweli, hata kama hajui.

Ile tofauti ya 2009 na 2021 waulize pia, kwa upole. Kuna majibu ya kweli: baba alikuwa na biashara kwa jina lake, P, watoto wakafungua ubia baada yake, au ndugu waligawana. Hayo yakiwa kweli ipo IEC ya zamani ya tarakimu tupu, wataitoa, na utaikuta kwenye `View Any IEC` ikiwa na anwani au jina la ukoo linalofanana. Kama jibu ni kwamba "sisi na wale wa kinu ni kitu kimoja", waambie vizuri sana, basi wale wa kinu watie saini mkataba.

Kuhusu masharti, mimi nisingewakataa. Ningewapa kontena moja, tani 19, sehemu ya pesa kabla ya kupakia na iliyobaki wailipe benki ndipo wapewe hati, BL iwe kwa amri, siyo kwa jina lao moja kwa moja. Kama wanashikilia siku 60, basi LC, yaani ahadi ya malipo ya benki unayoijua, na benki yako ya hapa iithibitishe. Kwenye maelekezo ya upakizi, kabla hujatia IEC ya mtu yeyote, wakuandikie kwa maandishi ni IEC ya nani itakayofanya tamko: yao au ya kinu. Wakijibu ni ya kinu, nitumie hiyo namba kamili kabla hujalipia mzigo mnadani, niipitie na yenyewe.